Kugeuza shati la mistari kuwa la rangi moja kwenye picha, mikunjo ikabaki

Ukipaka rangi nzito juu ya shati la mistari, mistari itafunikwa, lakini na mikunjo itakwenda nayo, na aliyevaa ataonekana kama amebandikwa karatasi kifuani. Ukipaka kwa kutumia modi ya Color, mikunjo itabaki, lakini na mistari itabaki vilevile, safari hii kwa rangi mpya: mstari mwekundu mzito pembeni ya mwekundu mwepesi. Sababu ni moja. Mstari wa shati hautofautiani na kitambaa cha pembeni yake kwa rangi peke yake, unatofautiana pia kwa mwanga. Mstari wa buluu ni wa giza kuliko cheupe. Kompyuta haijui kama giza lile limetoka kwenye uzi uliotiwa rangi au kwenye mkunjo. Kazi yote ni kuyatenganisha hayo mawili kwanza, ndipo rangi mpya iingie.

Kuna njia nyingi za kujaribu, ila moja ndiyo ninayoitegemea na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu: kuchanganya chaneli za picha, yaani nyekundu, kijani na buluu zinazoiunda, mpaka mstari na kitambaa vilingane. Ninatumia Photoshop. Anayetumia Photopea kwenye kivinjari atakuta karibu vitu vyote kwa majina yaleyale.

Mfano wetu ni picha ya aina inayoletwa studio kila msimu wa harusi hapa Tanga. Ndugu wanne wa kiume wamepigwa picha Raskazone jioni, jua liko upande wa mjini, bahari iko nyuma yao. Watatu wamevaa sare ya mashati ya damu ya mzee. Wa nne kafika kutoka safari na shati jeupe la mistari ya buluu, na mama yao anasema kwa upole, "Mwanangu, huyu naye mfanye kama wenzake, nataka kuitundika sebuleni." Kwa picha ya ukutani hakuna tatizo. Picha ya pasipoti au kitambulisho usiiguse kwa namna hii.

Kabla ya kugusa chochote

Omba faili lenyewe lililotoka kwenye kamera au simu. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na kubanwa huko kunaumiza kazi hii kuliko kazi nyingine nyingi. Picha za JPEG, hasa zile za simu na za mitandao, mara nyingi huhifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi kwa nusu ya vipimo, upana na urefu. Macho hayaoni hasara hiyo. Sisi tunaona, kwa sababu tunategemea rangi ndiyo ituonyeshe mstari ulipo. Mwambie mteja atume kwa kuchagua Document, faili litafika kama lilivyo.

Kisha kuza picha hadi asilimia 100 na utazame upana wa mistari. Mstari ukiwa na pikseli nane, kumi au zaidi, kazi itakuwa safi. Ukiwa na pikseli tatu au nne, mipaka itaacha uzi mwembamba utakaohitaji kusafishwa. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, angalia kama kuna mawimbi ya rangi ya upinde wa mvua kwenye kifua au mgongo. Mawimbi hayo yanatokea pale mistari inapokaribia ukubwa wa vitundu vya sensa ya kamera, na utayatambua kwa sababu hayafuati mikunjo ya nguo, yanakata katikati yake. Sehemu yenye mawimbi hayo haina tena habari za kweli za mwanga, na njia hii haitazirudisha.

Picha ikikubalika, ifungue, nenda Image > Mode > 16 Bits/Channel ili baadaye vivuli visikatike ngazi ngazi. Chagua Eyedropper Tool na uweke Sample Size kuwa 5 by 5 Average. Kupima pikseli moja moja kutakudanganya, kwa sababu kila pikseli ina chembe zake.

Kata shati kwanza

Hapa sitakaa sana. Tumia Quick Selection Tool au Pen Tool, chagua shati lote, kisha Select and Mask, lainisha ukingo kwa Feather ya nusu pikseli hadi moja. Acha nje vifungo, kalamu ya mfukoni, mkono uliopita mbele ya kifua, mkufu. Usisahau upande wa ndani wa kola, ule unaoonekana nyuma ya shingo. Watu wengi wanauacha, halafu shati la damu ya mzee linabaki na kola ya mistari kwa ndani. Hifadhi uteuzi huo kwa Select > Save Selection, tutauhitaji mwishoni, kisha uuondoe kwa Ctrl+D.

Pima mstari na jirani yake

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Chukua Color Sampler Tool. Tafuta sehemu ya kifua iliyotandazika, yenye mwanga sawa, weka pointi moja kwenye kitambaa cheupe na nyingine kwenye mstari wa buluu ulio jirani kabisa. Ujirani ni muhimu, kwa sababu tunataka zitofautiane kwa uzi tu na si kwa kivuli. Fungua Window > Info usome namba. Kwenye picha yetu ni hivi:

```
nyeupe   R 232  G 230  B 226
mstari   R 118  G 150  B 205
tofauti  R 114  G  80  B  21
```

Angalia mstari wa tatu. Kwenye chaneli nyekundu mstari na kitambaa vimeachana mbali. Kwenye chaneli ya buluu vinakaribia kulingana. Si ajabu: kitambaa cheupe hurudisha mwanga wote, wa buluu ukiwemo, na uzi wa buluu nao hurudisha mwanga wa buluu. Kwa jicho la chaneli ya buluu, vyote viwili ni vyeupe. Bofya Blue kwenye paneli ya Channels uone mwenyewe: mistari imefifia sana, mikunjo ipo palepale.

Kwa shati la mistari myekundu chaneli ya kutazama ni nyekundu, kwa ya kijani ni kijani. Kwa njano juu ya nyeupe, nyekundu na kijani zote hufanya vizuri na buluu ndiyo mbaya. Wengi huishia hapo, wanachukua chaneli moja iliyo bora na kuanza kusugua mabaki kwa Clone Stamp. Ni kazi ya mchana kutwa isiyo ya lazima, kwa sababu yale mabaki ya 21 yanaondoka kwa hesabu.

Wazo ni hili. Chaneli nyekundu inaonyesha mstari kwa nguvu, chaneli ya buluu inauonyesha kidogo. Tukichukua buluu na kutoa sehemu ndogo ya nyekundu, ule mstari mdogo uliobaki unafutika. Kiasi cha kutoa kinapatikana hivi, ambapo "ndogo" ni tofauti iliyo ndogo kuliko zote na "kubwa" ni ile kubwa kuliko zote:

```
hasi  = -100 x ndogo / (kubwa - ndogo)
chanya = 100 - hasi
```

Kwetu: 21 gawanya kwa 93 ni karibu 0.23. Kwa hiyo Red ni −23 na Blue ni +123. Green iache sifuri. Jumla lazima ibaki 100, la sivyo shati lote litang'aa au kuzama.

Nenda Layer > New Adjustment Layer > Channel Mixer, weka alama kwenye Monochrome, andika Red −23, Green 0, Blue +123, Constant 0. Picha nzima itageuka nyeusi na nyeupe. Sura za watu zitatisha kidogo, midomo na madoa ya ngozi yatakolea, zipuuze, hatuzihitaji. Tazama shati. Kwa hesabu, nyeupe sasa ni 225 na mstari ni 225.

Jambo linaloifanya njia hii iwe bora kuliko ujanja mwingine ni kwamba uzani uleule, yaani −23 na +123, unafanya kazi ndani ya kivuli pia. Kivuli huzidisha: kikipunguza mwanga kwa nusu, kinapunguza namba zote za kitambaa na za mstari kwa kiwango kilekile. Vitu viwili vilivyolingana vikipunguzwa nusu kwa pamoja bado vinalingana. Ndiyo maana mstari unaondoka kuanzia begani mpaka chini ya kwapa, na mkunjo hauguswi. Sharti ni moja tu, kwamba kivuli kiwe na rangi ya mwanga ileile. Na hapo ufukweni ndipo penye kazi.

Mabaki ya mistari kwenye vivuli

Kabla ya kutafuta mabaki, weka leya ya Curves juu kabisa na usimamishe grafu yake karibu wima kwenye kiwango cha mwanga cha sehemu unayoikagua, ili tofauti ndogo zionekane kubwa. Ni miwani ya muda, utaifuta baadaye. Kwa miwani hiyo kifua chenye jua kitakuwa safi, lakini mikunjo ya upande wa kivuli itaonyesha mistari hafifu ya giza, na chini ya kidevu kuna mistari iliyogeuka: palipokuwa na mstari wa giza sasa pana mstari unaong'aa.

Chanzo chake ni mwanga. Jua la jioni lina rangi ya joto. Upande usiofikiwa na jua unaangazwa na anga wazi, ambayo ni ya buluu, na Raskazone anga ni pana kwa sababu bahari haina ukuta wa kuizuia. Nilizima Channel Mixer na miwani, na ndani ya mkunjo wa kivuli nikapima tena jozi ya majirani:

```
nyeupe   R 128  G 135  B 146
mstari   R  65  G  88  B 132
tofauti  R  63  G  47  B  14
```

Kanuni ileile: 14 gawanya kwa 49 ni 0.29. Uzani wa kivuli ni −29 na +129. Chini ya kidevu mwanga umegonga ngozi kwanza ndipo ukashuka kwenye shati, kwa hiyo una wekundu, na kitambaa cheupe kinasoma R 150, B 120, mstari R 76, B 109. Tofauti ni 74 na 11, uzani ni −17 na +117. Kwa hiyo kumbuka dalili hizi mbili. Mstari ukibaki wa giza, hujatoa nyekundu ya kutosha, mara nyingi ni kivuli cha anga. Mstari ukigeuka wa kung'aa, umetoa nyekundu kupita kiasi, mara nyingi ni mwanga uliotoka kwenye ngozi, ukuta wa matofali au udongo mwekundu.

Dawa yake ni kutengeneza leya tatu za kijivu, moja kwa kila uzani. Zima ile Curves ya miwani. Washa Channel Mixer kwenye −23 na +123, bonyeza Ctrl+Alt+Shift+E, upate leya mpya, iite "jua". Izime. Badili namba ziwe −29 na +129, rudia, iite "anga". Rudia tena kwa −17 na +117, iite "kidevu". Kisha zima Channel Mixer. Panga "jua" chini, juu yake "anga" na "kidevu", na hizi mbili zipe maski nyeusi. Chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, Opacity asilimia 40 hivi, na upake kwenye maski ya "anga" pale penye vivuli vya buluu, na kwenye maski ya "kidevu" pale chini ya shingo. Washa miwani tena wakati unapaka. Utaona mistari inazama taratibu.

Hutaona mshono kati ya leya hizi, na hilo halitokei kwa bahati. Kitambaa chetu ni cheupe, na kwa kuwa kila uzani una jumla ya 100, nyeupe inabaki karibu palepale: 225 kwa "jua", 224 kwa "anga". Kama kitambaa cha chini kingekuwa cha rangi, tuseme samawati yenye mistari ya buluu iliyokoza, leya zingetofautiana mwanga na ungelazimika kuzisawazisha kwa Levels kwanza.

Yakiridhisha, ifute miwani, chagua leya zote tatu, bonyeza Ctrl+E ziwe moja, iite "kivuli". Hiyo ndiyo mali yako: shati lisilo na mstari, lenye mikunjo yote.

Kusafisha chembe na nyuzi za mipakani

Chaneli ya buluu ndiyo yenye chembe nyingi kuliko zote kwenye picha za JPEG, na sisi tumeizidisha kwa 1.17 hadi 1.29. Kwa hiyo leya ya "kivuli" itakuwa na mchanga, na pengine vijisanduku vidogo vya kubanwa kwa faili. Nenda Filter > Blur > Surface Blur, Radius 5, Threshold 8 hadi 10. Kichujio hiki kinalainisha panapofanana na kuheshimu panapobadilika ghafla, kwa hiyo kingo za mikunjo zinabaki kali. Threshold ukiipandisha sana mikunjo midogo itayeyuka kabla hujaona, hivyo anza chini.

Kwenye mipaka ya mistari huenda pakabaki uzi mwembamba, wa giza au wa mwanga, hasa pale mistari inapokaza kwenye kola na mkanda wa vifungo. Kwa nyuzi za giza tumia Clone Stamp Tool yenye Mode ya Lighten: itagusa tu palipo na giza kuliko chanzo na kuacha pengine. Kwa nyuzi za mwanga, Darken. Fuata mkunjo kwa urefu wake unapopaka, usiukate. Sehemu yenye nyuzi nyingi sana jaribu Filter > Noise > Median, Radius 2, ndani ya uteuzi wa sehemu hiyo tu.

Kuingiza damu ya mzee

Tengeneza kundi jipya la leya, liite "shati", weka modi yake Normal. Rudisha uteuzi wa shati kwa Select > Load Selection na ubofye alama ya maski, ili kundi zima likatwe na umbo la shati. Ndani ya kundi weka chini Solid Color, juu yake leya ya "kivuli" kwa modi ya Multiply.

Kosa linaloonekana sana hapa ni kuchagua rangi kwa kukisia, kisha kusogezasogeza mpaka ifanane na ya ndugu wa pembeni. Inafanana kwenye kifua, inakataa kwenye mikunjo. Anza na kina cha mikunjo, rangi baadaye.

Kitambaa cheupe kina tabia moja: mwanga unaoingia kwenye mkunjo unadunda kutoka ukuta mmoja wa mkunjo hadi mwingine na kuung'arisha kwa ndani. Kitambaa cha rangi nzito kinameza mwanga huo, kwa hiyo mikunjo yake ni ya giza zaidi. Ukitumia kivuli cha shati jeupe kama kilivyo, shati la damu ya mzee litaonekana limepigwa pasi muda huohuo wakati wenzake wamekaa kwenye gari saa nzima. Pima kwa ndugu aliyesimama karibu: kifua chenye jua R 128, G 32, B 44, ndani ya mkunjo wa upande wa kivuli R 70. Mkunjo wake ni asilimia 55 ya mwanga wa kifua. Kwetu kifua ni 225 na mkunjo unaofanana na ule ni 150, yaani asilimia 67. Hautoshi.

Weka Levels juu ya "kivuli" na uibane kwake kwa Ctrl+Alt+G, halafu shusha kitelezi cha kati kutoka 1.00 hadi 0.68. Kifua kinashuka hadi 212 na mkunjo hadi 117 hivi, na sasa uwiano ni ule wa ndugu yake. Wewe hutakuwa na 0.68, utakuwa na namba yako; teremsha polepole huku ukisoma pointi mbili kwenye Info mpaka uwiano ukubali.

Sasa rangi. Multiply inazidisha rangi ya chini kwa kivuli na kugawanya kwa 255. Kwa hiyo ili kifua kitoke 128 wakati kivuli hapo ni 212, rangi ya Solid Color lazima iwe 128 mara 255 gawanya kwa 212, yaani 154. Fanya hivyo kwa zote tatu: R 154, G 38, B 53. Ziandike kwenye kisanduku cha rangi, bonyeza OK, na kifua kitalingana na cha ndugu yake bila kubahatisha. Mkunjo wetu unatoka R 71, wake ni 70.

Kitu kimoja tu kitakuwa bado hakijakaa: mikunjo ya kivuli kwa wenzake ina ubuluu kidogo wa anga, ya kwetu ni nyekundu tupu kwa sababu leya ya kijivu haina rangi. Weka juu ya Levels leya ya Color Balance, chagua Shadows, sogeza kuelekea Blue kwa 3 au 4. Ni kidogo sana lakini ndiyo inayomfanya asimame kwenye mwanga mmoja na wenzake. Mwisho ongeza uzi wa kitambaa uliopotea kwenye Surface Blur: leya mpya ya asilimia 50 ya kijivu kwa modi ya Soft Light, Filter > Noise > Add Noise, Amount 2, Gaussian na Monochromatic. Kuza, linganisha na chembe za shati la pembeni, punguza Opacity zilingane.

Vifungo vyeupe viache vyeupe. Kidevu pia kiache, ingawa kwa haki kidevu kilichokuwa juu ya shati jeupe kinapata mwanga zaidi kuliko kilicho juu ya damu ya mzee. Kwenye picha ya sebuleni hakuna atakayeliona hilo, ila kama uso wake unang'aa kwa chini kuliko wa wenzake, Curves ndogo yenye maski inatosha.

Drafti, na mashati yanayokataa

Shati la drafti linatisha kwa macho, lakini drafti ya rangi moja juu ya nyeupe ni rahisi kama mistari. Ina viboksi vya aina tatu, vyeupe, vya rangi kamili, na vya rangi nusu. Vile vya nusu vimefumwa kwa nyuzi nyeupe na za rangi zikipishana, kwa hiyo mwanga wake ni wastani wa zile mbili. Uzani unaolinganisha nyeupe na rangi kamili unailinganisha na ile ya nusu vilevile, au karibu sana. Pima viboksi vyeupe na vya rangi kamili tu.

Drafti ya rangi mbili, tuseme nyekundu na buluu juu ya nyeupe, nayo inawezekana kwa nadharia, kwa kuwa tuna chaneli tatu na tunataka kulinganisha vitu vitatu. Kitelezi cha Green hapo kitafanya kazi pia. Kwa vitendo namba zinazotoka huwa kubwa, na Channel Mixer haivuki 200 upande wowote. Rangi nne zimeshindikana kabisa kwa njia hii. Gawa shati vipande na kila kipande kipe uzani wake, au mwambie mteja ukweli.

Ile kanuni ya hesabu yenyewe inakuonya mapema. Ikitoa hasi inayozidi 50, jitayarishe kwa mchanga mwingi. Tofauti ya chaneli zote tatu ikikaribiana, mathalani 140, 132 na 120, kanuni inatoa −600, na maana yake ni kwamba mstari ni mweusi au wa kijivu. Mweusi ni giza kwenye kila chaneli, hakuna chaneli ya kumficha.

Kwa mistari myeusi au ya kijivu fanya kinyume: badala ya kutafuta chaneli, inyanyue mistari yenyewe. Ichague kwa Select > Color Range, weka Levels yenye maski hiyo, na usogeze kitelezi cha kulia cha Input. Kitambaa kikiwa 230 na mstari wa kijivu 115, mstari unahitaji kuzidishwa mara mbili, kwa hiyo kitelezi kinakaa 128, nusu ya 255. Kuzidisha huku nako kunafuata kivuli, ndiyo sababu hufanya kazi kwenye mikunjo yote. Kwa kijivu matokeo ni mazuri baada ya kusafisha mipaka. Kwa mweusi wa 46 unazidisha mara tano, na kinachopanda ni chembe tupu.

Mistari myeusi iliyo myembamba ina njia nyingine ya mkato. Kwenye leya ya kijivu nenda Filter > Other > Maximum, Radius ya pikseli kidogo zaidi ya nusu ya upana wa mstari, chagua Roundness. Cheupe kinatanuka na kumeza mstari. Kisha Filter > Other > Minimum kwa Radius ileile, kingo zirudi mahali pake. Mkunjo mpana kuliko mstari unabaki, mwembamba kuliko mstari unamezwa pamoja nao. Kwa shati la mistari ya sindano lililopigwa kwa mbali hilo ni bei ndogo. Kwa mistari mipana kama kidole kwenye picha ya karibu, mikunjo mingi itaondoka, na hapo ni afadhali kumvika shati la ndugu yake kwa kulikata kutoka picha nyingine ya siku hiyohiyo.